Raiskuka ya lita 1.8, wati 700: uzoefu wangu baada ya miezi nane

Naandika hii kwa sababu wiki ya pili tu nilishaipaki kwenye boksi niirudishe, nimekasirika kweli, kumbe ilikuwa nzima. Na nahisi raiskuka nyingi zinazosemwa mbovu zina shida kama ya kwangu.

Yenyewe ni ile ya kawaida, swichi moja ya kubonyeza chini, haina skrini wala vitufe vingi. Ndani ya boksi nilikuta sufuria ya ndani yenye nonstiki, mfuniko wa kioo wenye kitundu cha mvuke, kapu la alumini la kupikia kwa mvuke, mwiko wa plastiki, waya wa umeme unaochomoka, kile kikombe kidogo cha plastiki na karatasi ya waranti ya miezi 12. Kila kitu nilikitunza vizuri isipokuwa kikombe, mdogo wangu akakichukua akawa anachotea sabuni ya unga, nikaona sawa tu, vikombe si viko vingi kabatini.

Hapo ndipo nilipoharibu. Wiki ya kwanza yote wali unatoka mgumu, una kiini katikati, na nilikuwa nafuata maelekezo vilevile: mchele vikombe vinne, maji mpaka mstari wa 4. Sasa kikombe cha raiskuka ni mililita 180, mimi nilikuwa napima na kikombe cha chai cha mililita 250. Vinne vya chai ni lita nzima ya mchele, yaani kama vikombe vitano na nusu vya raiskuka, halafu nauwekea maji ya vikombe vinne, wali utaivaje? Mistari ya ndani ya sufuria inaongea lugha ya kile kikombe cha plastiki peke yake. Kikipotea chukua chombo chochote ulichohakikisha kinabeba mililita 180, na mchele uujaze usawa wa mdomo, usiuweke kilima.

Na hii inaelezea pia hiyo lita 1.8 inayoandikwa kwenye boksi. Ni mchele mkavu vikombe 10, mara 180, unapata 1,800. Sufuria ukiijaza maji mpaka juu inabeba zaidi ya hapo kwa sababu lazima iache nafasi ya wali kuumuka. Ila kuna wauzaji wanaandika ujazo wa sufuria nzima, kwa hiyo kabla hujalipa funua uangalie mstari wa mwisho ndani, kama unaishia 10 ni kubwa kweli, kama unaishia 4 au 5 hiyo ni ndogo hata boksi liseme nini. Sisi tuko watano, vikombe vinne tunashiba na kinabaki cha asubuhi.

Kikombe kikarudi kazini, nikapata wali mzuri siku mbili, siku ya tatu ikaanza mpya. Nabonyeza, baada ya dakika nane hivi naisikia "ka!" swichi imeruka, taa imehamia ya kuweka joto, nafunua naona maji yamejaa na mchele uko chini mbichi. Nikabonyeza tena ikagoma kukaa. Nikasubiri ipoe nikarudia, vilevile. Ndo nikampigia muuzaji, akasema ilete.

Kabla sijaipeleka, jirani yangu ambaye ni fundi akaniambia subiri kwanza, unajua inajuaje kwamba wali umeiva? Nikasema ina taima. Akasema hapana haina taima kabisa. Ukitoa sufuria utaona katikati ya ile sahani ya moto kuna kiduara kinachobonyea, kina springi chini, ndani yake kuna sumaku. Maji yakiwepo sufuria haivuki nyuzi 100 maana joto lote linaishia kwenye kuchemsha maji. Maji yakinywewa yakaisha, joto la kitako linapanda, likizidi nyuzi 100 kidogo tu ile sumaku inapoteza nguvu yake, inaachia, springi inasukuma na swichi inaruka. Kwa hiyo ikiruka mapema maana yake sahani imepata moto sana wakati sufuria bado ya baridi, kuna kitu kimezitenganisha.

Tukatoa sufuria tukainua kwenye mwanga. Punje moja ya mchele! Imelala pembeni ya sahani, imebapa, imeungua rangi ya kahawia na imeshika kama gundi, na chini ya sufuria kuna alama yake. Punje moja ilikuwa inainua sufuria upande mmoja, joto la sahani halipiti kwenda kwenye maji, linabaki palepale linapandisha kile kiduara. Tukaikwangua na kipande cha msasa laini sana, taratibu, imechomolewa kwenye umeme na imepoa, tukafuta na kitambaa kilichokamuliwa, tukaacha ikauke.

Halafu akanionyesha jaribio ambalo nalitumia mpaka leo. Weka maji matupu vikombe viwili, bonyeza. Yakichemka na ikaendelea kuchemka bila kuruka, mashine ni nzima, tatizo ni vipimo au uchafu. Ikiruka maji yakiwa bado mengi na umeshasafisha vizuri, angalia kitako cha sufuria kwenye meza iliyonyooka, kikicheza kimebonyea. Kisipocheza, hapo sasa ipeleke waranti. Na kama haiwaki hata taa, jaribu waya kwanza, ukiwa mzima huenda fyuzi ya joto imekatika, usifungue mwenyewe.

Maana waranti yangu nimeisoma vizuri baada ya hapo. Inalipia sahani ya moto, swichi na nyaya za ndani. Hailipii nonstiki kukwanguka, kioo kupasuka, maji kuingia kwa chini, wala mashine iliyofunguliwa na fundi wa nje, kuna stika juu ya skrubu ya chini ikichanika wameshakataa. Risiti nimeibandika ndani ya kabati kabisa.

Sasa hivi kila nikipika nafuta kitako cha sufuria kikauke kwanza, naiweka ndani halafu naizungusha kidogo kulia na kushoto mpaka nihisi imekaa. Mchele naoshea kwenye bakuli lingine, punje hazimwagiki kwenye sahani na nonstiki haikwaruziki. Ikiruka naiacha imefunikwa dakika 10 hadi 15 ndo nageuza, ule wa juu na wa chini unakuwa sawa. Umeme sio wa kutisha, wati 700 kwa nusu saa ni kama theluthi moja ya yuniti, ila ile ya kuweka joto siiachi usiku kucha maana wali unakauka chini na unaanza kunuka.

Miezi nane sasa, haijaruka mapema tena hata mara moja. Kitu kimoja tu sikipendi, nonstiki imeanza kuchubuka kwenye mstari wa 2, pale watoto walipochotea na kijiko cha chuma, nishaanza kutafuta sufuria ya ndani ya kununua peke yake na nimepima kipenyo cha ya zamani kabla ya kwenda, kwa sababu ikipishana hata kidogo haitakaa vizuri kwenye sahani na nitarudi kulekule kwa punje.