Mweso, sataranji au drafti? Itambue seti kwenye picha kabla hujatuma pesa

Matangazo mengi ya michezo ya ubao hapa Uganda huja na picha moja iliyopigwa kiupandeupande, na maelezo mafupi kama "bao zuri, kete kamili". Muuzaji mara nyingi si mchezaji. Ubao wa mweso anauita mankala, na ubao wowote wenye miraba anauita sataranji. Kwa hiyo liache jina kwanza, hesabu mashimo au miraba, kisha kete. Hapa chini tumepanga aina nne, tukianza na ile ambayo picha inaweza kukuhakikishia mengi zaidi na ambayo ukiinunua itakaa nawe miaka mingi.

1. Ubao wa mweso wa mbao

Mweso una safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, jumla 32. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake na ana kete 32, kwa hiyo seti nzima ina kete 64. Ukiona safu 2 tu zenye mashimo 6 kila moja, na shimo kubwa kila ncha, huo ni mchezo mwingine wa ukoo huohuo. Kete zake kwa kawaida ni 48, na mweso hauchezeki hapo. Ukiona mraba wa mashimo 4 kwa 4, usikatae haraka: huenda ni nusu ya ubao wa kukunja. Mwombe muuzaji aufungue na kuupiga picha upya.

Mkanganyiko unaowapata wengi ni kati ya mweso na bao la Kiswahili, kwa sababu yote mawili yana mashimo 32 na kete 64. Chukua tangazo la "mankala ya mvule". Kwenye picha unaona safu 4 za mashimo 8, na karibu yote ni ya duara. Ila katika safu mbili za katikati kuna shimo moja moja la mraba. Hiyo ndiyo nyumba, na huo ni ubao wa bao. Sasa angalia mahali zilipo. Kila mchezaji akihesabu safu yake ya mbele kutoka kushoto kwake, nyumba ni shimo la tano. Kwa kuwa wachezaji wanatazamana, nyumba hizo mbili hazikai uso kwa uso, zinapishana kwa shimo moja. Zikiwa zimenyooka sawasawa, fundi alinakili umbo bila kuujua mchezo. Kama unachotaka ni mweso, ubao huo bado unakufaa, maana shimo la mraba halizuii chochote. Anayetaka bao asiuchukue.

Baada ya hapo zinakuja kete. Rundo la kete kwenye kibakuli halihesabiki kwenye picha, na ndipo upungufu unapojificha. Mwambie muuzaji apange kete nne nne katika mashimo yote manane ya safu ya nyuma, pande zote mbili, kisha apige picha akiwa juu ya ubao. Nne mara nane ni 32, mara mbili ni 64. Ndivyo mweso unavyopangwa mwanzoni, na kwa picha hiyo moja unajua idadi na upana wa mashimo kwa pamoja. Picha ya pili iwe ya shimo moja lenye kete 12. Mchezo ukikolea, kete hurundikana, na shimo lisilo na kina huzimwaga kwenye shimo jirani hadi hesabu ikaharibika. Kete zikionekana zimevuka ukingo, uache huo ubao.

Kete bora ni empiki, zile mbegu nyeusi ngumu na laini. Shanga kubwa zinafaa pia. Buni za kahawa ni nyepesi, huteleza vidoleni na kupotea upesi.

Mwisho tazama ncha za ubao. Mbao iliyochongwa kabla haijakauka huanza kupasuka hapo, kwa sababu ncha ndizo hukauka kwanza. Mstari mwembamba unaotoka nchani kuelekea shimo la kwanza utaendelea kukua. Ukifika dukani, sugua chini ya ubao kwa kitambaa kibichi. Kikitoka na rangi nyeusi ya kiwi, weusi wake ni wa kupakwa, si wa mti.

2. Sataranji ya plastiki yenye ubao wa kukunja kama mkeka

Hii ndiyo tunayopendekeza kwa shule na vilabu. Hesabu kete 32: kila upande mfalme, malkia, ngome 2, farasi 2, maaskofu 2 na askari 8. Mfalme ana msalaba kichwani, malkia ana taji. Seti za mapambo za mawe zina shida hapo, maana mfalme na malkia hufanana, na askari hutengenezwa kama vibanda. Ukiangalia picha na usiweze kuwatofautisha kwa sekunde chache, hata mezani watakuchanganya.

Ukubwa ndio unaodanganya zaidi. Omba karatasi ya A4 iwekwe juu ya ubao, upande wake mrefu ukiwa sambamba na safu. Upande huo una sentimita 29.7. Ukifunika miraba kama mitano na nusu, kila mraba una sentimita 5.4, na hicho ni kipimo cha mashindano, ambapo mfalme huwa na urefu wa karibu sentimita 9.5. Ukifunika miraba yote minane, kila mraba haufiki sentimita 4, na hiyo ni seti ya safarini. Kisha aweke askari wanne ndani ya mraba mmoja. Wakienea bila kubanana wala kuacha nafasi kubwa, ubao na kete vinalingana.

Kama ubao una herufi na namba, tafuta mraba wa a1. Lazima uwe wa rangi nyeusi. Ukiwa mweupe, ubao ulichapwa vibaya, na kuuzungusha hakutasaidia kwa sababu herufi zitazunguka nao. Usiokuwa na herufi hauna tatizo hilo: ugeuze tu mpaka mraba mweupe ukae mkono wa kulia wa kila mchezaji.

3. Drafti

Ubao wa miraba 64 unataka kete 12 kila upande. Ule wa miraba 100 unataka 20. Hesabu miraba ya ukingo mmoja tu, nane au kumi, halafu ulinganishe na kete. Kosa la kawaida ni ubao wa kumi kwa kumi kuuzwa na kete 24. Angalia pia kama kete zinabebana bila kuteleza, kwa sababu mfalme wa drafti ni kete mbili zilizopandana. Ila kama unao ubao wa miraba 64 tayari, visoda 24 vinatosha, nusu vikiwa vimelazwa kifudifudi na nusu chali.

4. Sanduku la michezo mitatu

Hili tumeliweka mwisho. Nje lina miraba 64 ya sataranji na drafti, ndani lina pembetatu ndefu 24 za bakgamoni. Bakgamoni inataka vidude bapa 30, drafti inatosheka na 24, kwa hiyo hesabu kabla hujaamini neno "mitatu". Bawaba za katikati huacha ufa au mwinuko kati ya safu ya nne na ya tano, na kete zilizo hapo hukaa upande au kuanguka. Omba picha ya sanduku likiwa wazi juu ya meza, ikipigwa kwa usawa wa macho. Ukiona mwanga ukipita chini ya bawaba, sanduku halilali sawa.