Kikomo cha data kwenye hotispoti ya simu: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Saa kumi na moja alfajiri simu ilitetemeka kitandani. Meseji ilisema bando langu limekwisha. Nililala nikiwa nimebakiwa na GB 7 na kitu kwenye bando la wiki la GB 12, na siku tano za wiki zilikuwa bado mbele. Nilipotoka sebuleni nikakuta laptopu ya mpwa wangu iko mezani, imefunguliwa, imechomekwa kwenye chaja, na kile kialama cha waifai kinawaka. Jioni alikuwa anasoma kwa hotispoti ya simu yangu, usingizi ukamshika, akaiacha. Usiku kucha ilikuwa inapakua masasisho na kupeleka mafaili yake kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Sikumgombeza. Hakufungua filamu wala mchezo wowote, alikuwa amelala. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliwasha hotispoti bila kuiwekea mwisho. Tangu siku ile nimekaa miezi mitatu nikijaribu njia za kuiwekea mpaka, na naandika nilichokiona kwa ajili ya yeyote ambaye nyumba nzima inategemea bando la simu moja.

Kwanza ilibidi nielewe kwa nini GB zinaondoka kwa kasi namna ile. Simu yako ikiwa kwenye data inajua kwamba unalipia, kwa hiyo inajibana. Lakini laptopu au televisheni ikiunganishwa kwenye hotispoti, yenyewe inaona waifai tu, kama ile ya ofisini ambayo haina mwisho. Kila kazi iliyokuwa inasubiri waifai inaanza hapohapo: masasisho, picha za kuhifadhi, video kupanda hadi ubora wa juu. Simu za Android zina nafuu kidogo. Hotispoti ya Android hutuma taarifa kwamba mtandao huu ni wa kulipia, na Android iliyounganishwa huielewa taarifa hiyo. Laptopu ya Windows usipoiambia mwenyewe, mara nyingi haijui.

Simu yangu ni Redmi. Ukiingia Settings, kisha Portable hotspot, chini ya jina na nenosiri kuna sehemu imeandikwa One-time data limit. Hapo unaweka kiasi cha data unachokubali kitoke kwa kuwasha hotispoti mara moja. Kikifika, hotispoti inajizima. Hiki ndicho kitu nilichokuwa nakihitaji usiku ule na sikujua kwamba nilikuwa nacho mfukoni muda wote.

Nilikijaribu kabla ya kukiamini. Niliandika salio la bando kwenye karatasi, nikaweka kikomo cha MB 200, nikamwambia mpwa wangu afungue video ya somo lake la takwimu na asiguse kitu kingine. Mimi nikaiweka simu yangu mezani bila kuitumia. Baada ya dakika kama ishirini na tano akasema, "Mjomba, neti imekata." Nilipoangalia salio, zilikuwa zimetoka MB 209. Kwa hiyo inakata kweli, ila si palepale kwenye namba. Simu huhesabu kwa vipindi, na kifaa kinachopakua kwa kasi kinaweza kuchota kidogo kabla hesabu haijafika. Isitoshe simu yenyewe huwa haikosi cha kuvuta kidogo kwa siri. Tangu siku ile naweka kikomo chini kidogo ya kile nilichokusudia.

Kuna mambo mawili kikomo hiki hakifanyi, na ni vizuri uyajue mapema. La kwanza, hakitofautishi vifaa. Ukiweka MB 700 na watu watatu wameunganishwa, yule mwenye kiu kubwa ndiye atakayemaliza, na wote watakatiwa pamoja. La pili, ni cha mara moja. Ukiizima hotispoti na kuiwasha tena, hesabu inaanza sifuri. Simu ikijizima chaji ikawashwa upya, hali ni hiyohiyo. Kwa hiyo kikomo kinakulinda dhidi ya kusahau, hakikulindi dhidi ya mtu anayejua nenosiri la simu yako na anaweza kuiwasha mwenyewe. Baadhi ya simu za Galaxy zina mpangilio bora kuliko huu: unagusa jina la kifaa kilichounganishwa na kukiwekea kikomo chake peke yake. Kama una simu ya namna hiyo, anza na hapo.

Mimi kwa kuwa sina, nimegawa jioni mafungu mawili. Hesabu yangu iko hivi. Bando ni GB 12 kwa siku saba. Simu yangu mwenyewe, kwa WhatsApp, barua pepe na habari, inakula kama MB 400 kwa siku, ambayo kwa wiki ni GB 2.8. Zinabaki GB 9.2 za hotispoti, sawa na GB 1.3 kwa siku. Saa moja jioni nawasha na kikomo cha MB 700, na muda huo ni wa mpwa wangu kusoma, televisheni imezimwa. Akimaliza nazima. Saa tatu nawasha tena na kikomo cha MB 600 kwa ajili ya mke wangu na televisheni. Hakuna anayemwibia mwenzake, na usiku hakuna kinachobaki wazi.

Nilijaribu pia kikomo cha data cha simu nzima, kile ambacho kwenye Android nyingi kimeandikwa Data warning & limit. Hicho hakikunifaa. Kinahesabu kwa mwezi kuanzia tarehe unayochagua, wakati bando langu ni la wiki. Na kikifika kinakata data yote, pamoja na ya simu yenyewe, kwa hiyo hata meseji ya WhatsApp haiingii. Mtu wa bando la mwezi anaweza kukitumia kama ukuta wa mwisho. Tena kumbuka kwamba Data Saver ikiwa imewashwa, simu nyingi za Android hazikubali kuwasha hotispoti. Nilihangaika nusu saa siku moja nikidhani simu imeharibika, kumbe ni hiyo tu.

Sasa, kikomo kinakata, lakini hakipunguzi matumizi. MB 700 zinaweza kuwa saa moja na nusu ya masomo au dakika ishirini na kitu za video ya ubora wa juu, inategemea kifaa kilichounganishwa kimepangwaje. Huku ndiko nilikookoa data nyingi zaidi, na ningekuwa naanza upya ningeanza na laptopu kabla ya yote.

Kwenye Windows 11, laptopu ikiwa imeunganishwa na hotispoti yako, ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, kisha properties za mtandao huo, halafu washa Metered connection. Kuanzia hapo masasisho mengi hayapakuliwi yenyewe na OneDrive inasimamisha kazi yake. Angalizo ambalo lilinigharimu GB 1 na nusu: mpangilio huu umefungwa kwenye jina la mtandao. Mwezi wa pili nilibadilisha jina la hotispoti, laptopu ikaona ni mtandao mpya, na Metered connection ikawa imezimwa. Niligundua pale MB 700 zilipoisha ndani ya dakika kumi na kitu na mpwa wangu hajafungua hata ukurasa mmoja. Hiyo ndiyo dalili ya kuitazama. Kikomo kikifika haraka na hakuna video inayochezwa, kuna kitu kinapakua chinichini.

Kwenye simu zilizounganishwa, cha muhimu ni YouTube. Wengi tumeweka ubora mdogo tukiwa kwenye data, lakini kwa hotispoti programu inasoma kwamba uko kwenye waifai, kwa hiyo ule mpangilio wa data haufanyi kazi. Ingia Settings za YouTube, Video quality preferences, na upande wa waifai chagua Data saver. Kwa iPhone, gusa alama ya i mbele ya jina la mtandao na uwashe Low Data Mode. Kwa Android, mipangilio ya mtandao ule ina sehemu ya kuchagua Treat as metered, ikiwa simu haikujitambua yenyewe. Televisheni ndiyo sugu. Yetu tunalazimika kushusha ubora hadi 480p kwa kila video, na mke wangu ndiye hodari wa kukumbuka kuliko mimi. Kwa 480p saa moja inakula takribani nusu GB. Ikiachwa ipande yenyewe, fungu lote la saa tatu linaisha kabla taarifa ya habari haijafika kwenye michezo.

Suala la wageni nililitatua kwa nenosiri. Mwanzo nilikuwa naweka kifaa nisichokijua kwenye orodha ya kuzuiwa. Kijana mmoja jirani alirudi baada ya siku mbili na simu ileile. Simu za siku hizi zinaweza kujibadilisha anwani ya waifai. Mtu akizima au kuwasha chaguo hilo kwenye simu yake, hotispoti inaiona kama kifaa kipya, na ile orodha haina habari naye. Jambo hili linagusa pia simu zenye kikomo cha kila kifaa, kwa sababu kifaa kipya kinaanza na hesabu mpya. Kubadilisha nenosiri ni sekunde thelathini na hakuna ujanja unaolipita, ila libadilishe nenosiri peke yake na jina uliache kama lilivyo, kwa sababu ile niliyoeleza kwenye laptopu.

Wiki iliyopita bando lilifika siku ya saba likiwa na MB 900 na ushee, mara ya kwanza tangu mpwa wangu ahamie kwetu. Siku za mtihani fungu lake bado halimtoshi. Hotispoti ikijizima anakuja mlangoni na daftari mkononi, "Mjomba, naomba uniongezee 300 nimalizie swali la mwisho." Naandika 300 kwenye kikomo, nawasha tena, na kesho yake nazipunguza kwenye fungu la televisheni.