Unga wa hina wa Sojat: nilivyoujaribu kwa rafiki tisa kabla ya bi harusi wa kwanza

Nimemaliza pakiti mbili za unga wa hina ya mwili, gramu 100 kila moja, unaotoka Sojat, mji wa Rajasthan kule India unaojulikana kwa kilimo cha hina. Niliununua soko la Darajani, hapa Zanzibar. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu anayetaka kuanza kupamba maharusi na bado hana picha hata moja ya kumwonyesha mteja.

Kabla ya unga huu nilikuwa nikinunua koni za hina zilizokwisha tayarishwa. Zinarahisisha kazi, hilo sikatai: unakata ncha, unachora, na ndani ya nusu saa mkono umeshakuwa mweusi. Mwezi wa kwanza wa mazoezi nilimchora shoga yangu mmoja kwa koni ya namna hiyo, maua ya mkononi mpaka kwenye kifundo. Siku mbili zikapita salama. Siku ya tatu akaanza kuwashwa, na siku ya tano maua yale yale yalikuwa yamevimba, kila jani na kila duara limeinuka kwa malengelenge madogo madogo. Hospitali walimwambia ni PPD, dawa ya kutia nywele rangi nyeusi, ambayo ndiyo inayofanya piko na koni nyingi za dukani ziwe nyeusi upesi. Walimwambia pia asitie tena rangi nyeusi kichwani, kwa sababu mwili ukishaikataa dawa hiyo mara moja, huenda ukaikataa maisha yote. Kwenye koni hakukuwa na jina la kitu chochote kilichomo. Jambo hili liliniuma sana, na tangu siku hiyo simchori mtu kwa kitu ambacho sikukikoroga mwenyewe.

Sasa huu unga. Pakiti ukiifungua unanusa majani makavu, na rangi yake ni ya kijani. Hizo ndizo dalili za kwanza ninazotazama. Unga uliozeeka hugeuka kahawia na haunuki kitu, na hina ya namna hiyo hata uikoroge vipi haikolei. Pakiti ya kwanza ilikuwa laini. Ya pili ilikuwa na chembechembe za vijiti, ikaniziba koni mara nne katika mkono mmoja, mpaka nikaupitisha unga wote kwenye soksi ya nailoni ya wanawake. Kwa pesa niliyotoa, kazi hiyo ya kuchekecha ingefaa wao waifanye. Kosa lao jingine ni kwamba pakiti haionyeshi hina imevunwa lini.

Ninavyokoroga ni hivi: unga gramu 100, sukari vijiko viwili vya chakula, maji ya ndimu yaliyochujwa kiasi cha kupata uji mzito sana, kisha mafuta ya lavenda vijiko viwili. Sukari inaufanya uji ushike ngozi usipukutike. Mafuta ndiyo yanayosaidia rangi ikolee. Hapa kwetu mtu akisikia mafuta ya hina anafikiria karafuu, nami nilijaribu hivyo kwa rafiki wa pili. Ngozi ya kifundo ikawa nyekundu papo hapo, tukaosha. Mafuta ya karafuu ni makali, na sioni haja ya kumtia bi harusi mashakani wakati lavenda inafanya kazi ile ile.

Uji naufunika vizuri na kuuacha jikoni. Kwa joto letu saa nane zinatosha. Naujua umeiva pale juu panapogeuka kahawia na ndani pakabaki kijani. Halafu naweka tone kwenye kiganja changu kwa dakika tano. Nikipangusa likabaki doa la rangi ya chungwa, hina iko tayari. Hapo ndipo naongeza ndimu kidogo kidogo mpaka uji unyooke kama uzi ukiuinua kwa kijiko. Pakiti moja hunipa koni kumi na mbili hivi. Zile nisizotumia siku hiyo huenda moja kwa moja kwenye friza. Rafiki wa nne alipata mkono uliopauka kwa sababu koni yake ilishinda siku tatu kwenye mkoba wangu. Hina ilikuwa nzuri, lakini rangi ilikuwa imeshakufa mle ndani.

Kilichonifundisha zaidi ni rafiki wa tano. Nilimchora mikono yote miwili maua yale yale, kwa koni moja. Mkono wa kushoto alitoa hina baada ya muda wa saa tatu, wa kulia akalala nayo mpaka alfajiri. Asubuhi hiyo mikono yote ilikuwa ya chungwa na tofauti ilikuwa ndogo, mpaka akaniuliza kama nimemchora kwa karoti. Nilimwomba anivumilie. Asubuhi ya pili kiganja cha kulia kilikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa, cha kushoto kimebaki na rangi ya kutu. Na katika mkono huo huo wa kulia, kiganja kilikuwa kimekolea kupita mgongo wa mkono, kwa sababu ngozi ya kiganja ni nene na inabeba rangi zaidi. Ukipanda kwenye mkono juu, rangi inazidi kuwa nyepesi.

Kuanzia hapo nikabadilisha namna ya kupiga picha. Wengi wetu tunapiga picha hina ikiwa bado mbichi mkononi, imesimama, nyeusi tii, inang'aa. Ni picha nzuri, ila ile ni picha ya uji. Mteja akiiona anaamini mkono wake utakuwa hivyo, na akiamka na chungwa anaona amedhulumiwa. Kila rafiki sasa nampiga picha tatu kwenye dirisha lile lile, asubuhi, bila taa: hina ikiwa mbichi, ikishakwanguliwa, na baada ya saa 48. Katika albamu yangu ya kazi zinakaa pamoja, na chini yake naandika saa ngapi hina ilikaa. Rafiki tisa wamenipa mikono kumi na minane. Mitatu kati yao haikutoka vizuri na nimeiacha mle mle, kwa sababu mama wa bi harusi wangu wa kwanza aliuliza habari ya mkono uliopauka, nikamweleza kisa cha ile koni ya mkobani, na baada ya hapo hakuuliza tena kama naijua kazi.

Bi harusi huyo alikuwa na ndoa Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Hina tukaipanga Jumatano usiku, nikihesabu kurudi nyuma ili saa 48 ziishie karibu na ndoa yenyewe. Lakini kwetu kuna jambo moja linaloamua saa: mtu anaswali, na uji wa hina ukiwa juu ya ngozi maji ya udhu hayafiki. Rangi yenyewe haizuii. Kwa hiyo tulingoja aswali isha, nikaanza saa mbili usiku na miguu, nikamalizia viganja saa sita. Miguu ilitangulia kwa makusudi, apate bado kutumia mikono kula na kushika simu. Ilipokauka kidogo nilidondoshea ndimu yenye sukari kwa pamba, tukamfunga kanga kuukuu akalala. Saa kumi na moja kasorobo akakwangua kwa ubapa wa kisu cha siagi bila maji, tukapaka mafuta ya nazi mepesi, tukayapangusa, ndipo akatia udhu. Alhamisi yote nilimkataza sabuni na kuosha vyombo. Koni nne zilitosha. Ijumaa mchana viganja vyake vilikuwa vimekolea sawasawa, na migongo ya mikono imeshika kahawia nyekundu niliyomwahidi.

Mekapu nayo nilijifunzia kwa rafiki wale wale, na hina ndiyo iliyonionyesha kosa langu. Bi harusi wa Kizanzibari hupigwa picha mikono ikiwa karibu na uso, maua yaonekane. Rafiki wa sita nilimpaka fandesheni niliyoilinganisha na mkono wake wa juu, nikamalizia na poda nyeupe ya kuzuia jasho. Kwenye kioo alipendeza. Picha ya kwanza yenye flashi ikatoka uso kama umemwagiwa unga wa ngano, na mkono wenye hina pembeni yake ukionyesha rangi yake ya kweli. Fandesheni ile ilikuwa na kinga ya jua ndani yake, na kinga za namna hiyo, pamoja na poda zile nyeupe, hurudisha mwanga wa flashi. Sasa nachagua fandesheni isiyo na kinga ya jua kwa sherehe ya usiku, nalinganisha rangi kwenye taya inaposhukia shingoni, na kabla mtu hajanyanyuka kitini nampiga picha moja kwa flashi, mkono shavuni. Halafu nampiga nyingine baada ya muda wa saa sita. Kwa unyevu wa huku kwetu, mekapu ya saa ya kwanza haimwambii bi harusi chochote kuhusu atakavyokuwa saa nne usiku ukumbini.

Kama ningetoa nyota, unga huu ningeupa nne. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya vijiti vya pakiti ya pili na tarehe isiyokuwepo. Haumfai mtu anayetaka mkono mweusi usiku wa leo kwa shughuli ya kesho. Huyo atalaumu hina bure. Wala simpaki mtoto mchanga hata akiletwa na mama yake, ingawa hina ni ya majani matupu, kwa sababu wapo watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao hina huwavunjia chembe hizo, na kwa kumtazama huwezi kumjua.

Kwa Idi nimebakiwa na koni saba kwenye friza. Watoto wakubwa wa mtaani wanataka kuchorwa kabla ya kwenda sikukuu Mnazi Mmoja, na nimewaambia waje siku mbili kabla, baada ya isha, wakiwa wameshakula.