Mito minne ya kulalia kutoka Kariakoo hadi Mbeya: njia zipi za kusafirisha ni nafuu

Mwaka jana niliagiza mito minne nikiwa Mbeya. Muuzaji alinipigia hesabu ya usafiri kwa kilo 4, na nikaona ni sawa. Mzigo ulipofika kaunta ya wasafirishaji, karani alitoa futi kamba, akapima boksi pande tatu, kisha akaandika kilo 28. Nilidhani amekosea. Hakukosea, na tangu siku ile silipii kitu chochote chepesi chenye umbo kubwa kabla sijajua vipimo vya boksi lake.

Kampuni nyingi za vifurushi hulinganisha uzito wa mzani na uzito wa ujazo, halafu hutoza ule ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana hivi, vipimo vikiwa kwa sentimita:

```
urefu × upana × kimo ÷ 5000
```

Boksi langu lilikuwa 70 × 50 × 40. Ukizidisha unapata 140,000, ukigawa kwa 5,000 unabaki na 28. Wapo wanaogawa kwa 6,000, na hapo ingekuwa 23.3, kwa hiyo uliza kigawanyo kabla ya kuuliza bei.

Baada ya uzito linakuja eneo. Bei huwa na kilo ya kwanza, kisha nyongeza ya kila kilo, na zote mbili hupanda kadiri mzigo unavyokwenda mbali. Tuseme kwa Dar hadi Mbeya kilo ya kwanza ni shilingi 8,000 na kila kilo inayofuata ni 2,000. Hizi ni bei za mfano. Weka za kampuni yako. Kilo 4 ni 14,000. Kilo 28 ni 62,000, yaani zaidi ya nusu ya bei ya mito yenyewe kama mmoja ni 30,000.

Sasa nazipanga njia kwa mzigo wa aina hii.

Ya kwanza: kampuni ya vifurushi, lakini mito ifungwe kwa mfuko wa kunyonya hewa. Mwombe muuzaji aibane kabla ya kuitia kwenye boksi. Kimo kikishuka kutoka sentimita 40 hadi 12, ujazo unakuwa kilo 8.4, nao huhesabu 9 kwa sababu kilo hukatwa kwenda juu. Unalipa 24,000, na mzigo unafika mlangoni. Mito ya polista hurudi vizuri ukiitikisa na kuianika. Ya sufi usiibane, hushikana mabonge.

Ya pili: basi. Hapa mara nyingi hakuna futi kamba. Mpokea mizigo anautazama mzigo na kutaja bei, na mnaelewana. Tuseme 15,000. Ila ongeza bodaboda ya kuutoa Kariakoo hadi Stendi ya Magufuli kule Mbezi, 8,000, na bajaji ya kuutoa stendi hadi nyumbani, 5,000. Jumla ni 28,000. Mito ikiwa ya sufi, basi ndilo la kwanza bila ubishi. Dai risiti yenye namba ya mzigo na namba ya gari, maana bila hiyo huna cha kushika mzigo ukishushwa njiani.

Ya tatu: duka linalosafirisha bure ukifikisha kiasi fulani. Nimeliweka chini kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Chukua kikomo cha 150,000. Mito yako ni 120,000, na usafiri wa mzigo uliobanwa ni 24,000, jumla 144,000. Ukiongeza foronya za 30,000 unafika 150,000 na usafiri unafutwa, kwa hiyo foronya zimekugharimu 6,000 tu. Kama unazihitaji, chukua. Kama zitakaa kabatini, umetupa 6,000.

Halafu unaona kuponi ya punguzo la asilimia 10, unaiweka kwa furaha. Maduka mengi hupima kikomo baada ya punguzo. Kikapu kinashuka hadi 135,000, usafiri wa 24,000 unarudi, na unalipa 159,000. Kuponi imekuongezea 9,000. Angalia jumla ya mwisho kabla na baada ya kuiweka, kisha uitoe ikibidi.

Soma pia "bure" ni kwa nani. Mara nyingine ni Dar pekee, au ni hadi kilo 5, na zinazozidi zinalipiwa. Kilo 9 za ujazo zingekuacha na nne za kulipia, 8,000 kwa bei za mfano za hapo juu. Na kama unakaa nje ya mji, tuseme Tukuyu badala ya Mbeya mjini, uliza kama eneo lako lina nyongeza yake au utaufuata mzigo mjini mwenyewe.

Ya mwisho kabisa: kampuni ya vifurushi na boksi lisilobanwa. Ndiyo niliyolipia mimi. Njia hiyo iachie simu, vipuri na vitabu, vitu ambavyo mzani wake unauzidi ujazo.