Nimetumia simu ya 280,000 wiki sita kabla sijailinganisha na za bei juu, uzoefu wangu

Mi nauza simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey, na pale dukani mimi ndo naandika ulinganisho tunaowatumia wateja Wasap kabla hawajafunga safari ya kuja. Simu yenyewe siitaji jina, ni ya 280,000, nikaipambanisha na mbili za juu yake, ya 480,000 na ya 760,000. Nimekaa nayo wiki sita laini zangu zote mbili zikiwa humo, sababu ulinganisho wa kunakili maneno ya kwenye boksi nilishauandika mara moja na uliniuma.

Ilikuwa simu nyingine ya bei hiyohiyo. Boksi lilisema RAM 8GB, nikaandika 8GB. Akaja kaka mmoja wa bodaboda akanunua, baada ya wiki karudi amekasirika kweli, anasema kila akitoka kwenye apu ya abiria kwenda kwenye ramani, akirudi anakuta apu inafunguka upya na abiria keshachukuliwa na mwingine. Nikaingia Mipangilio, Kuhusu simu, pameandikwa 4GB + 4GB. Zile nne za pili sio RAM jamani, ni kipande cha memori ya ndani kimekatwa kikapewa kazi ya RAM, na simu nyingi za bei hii memori yake ya ndani ni aina ya eMMC ambayo iko slow sana ukiilinganisha na UFS ya simu za juu. RAM ya kweli ikijaa, simu inaanza kuzima apu zilizoko nyuma, na hicho kipande cha kuazima hakiokoi kitu.

Kwa hiyo safari hii hilo ndo nililopima kwanza. Simu zote tatu mtandao mmoja, apu zilezile, nafungua Wasap, ramani, apu ya abiria, kamera, halafu narudi kwenye apu ya abiria, mara kumi kila simu. Siku ya kwanza ilibidi nifute matokeo yote, niligundua ya 280,000 ilikuwa kwenye hali ya kuokoa betri na wenzake hawapo, hapo unakuwa umeionea. Nikarudia. Ya 280,000 apu ilianza upya mara 7, kila mara kama sekunde 9. Ya 480,000 yenye 6GB za kweli na UFS 2.2 ilianza upya mara 1, ya 760,000 hakuna. Hiyo nimeiweka mstari wa kwanza kabisa, na kwenye RAM nimeandika 4GB basi.

Kamera zote tatu boksi linasema 50MP, na mteja akiona hivyo anajua ni sawa. Sio sawa. Kwa kawaida picha inatoka ya megapikseli 12 na kitu kwa sababu nukta nne zinaunganishwa kuwa moja, kinachotofautisha ni ukubwa wa kihisi chenyewe na kama kamera ina kitulizi cha mkono kutetemeka. Nilipiga saa saba mchana, kwenye kioo cha simu huoni tofauti kubwa. Saa mbili usiku kibarazani, mtoto anacheza, ya 280,000 sura imefutika kabisa. Nimeweka picha ya kwanza ya kila simu, sio iliyotoka vizuri, na hali ya usiku nimeizima kote, maana ukiwasha kwenye moja tu hapo unadanganya watu.

Sasa inaposhinda, na hapa naisifia kwa moyo wote. Kioo chake ni LCD cha 720, betri 5000 kama wenzake, kwangu ilimaliza siku nzima na asubuhi bado ina asilimia 20 na kitu. Kikipasuka, fundi wa jirani kanitajia 45,000 kukibadilisha, kioo cha AMOLED cha ile ya 760,000 akasema 190,000. Hii bei ya fundi sijawahi kuiona kwenye ulinganisho wowote na ndo kitu wateja wetu wanarudi kuulizia. Ila juani saa sita LCD hii inafifia, lazima ukinge kwa mkono ndo usome meseji, hilo nalo nimeliandika.

Chini nikaandika wazi: kama ni simu ya kupiga, Wasap, miamala na picha za mchana, chukua ya 280,000, hiyo 200,000 inayobaki ni yako. Kama unaendesha boda au teksi kwa apu usiichukue, jichange ufike ya 480,000. Bosi aliuliza kwa nini namfukuza mteja, nikamwonyesha ile simu ya kaka wa boda, bado iko kwenye kabati la vioo inauzwa kama yuzdi.