Uzoefu wangu na nyaya za mtandao zilizokwisha kubanwa plagi, kutoka duka moja la Kariakoo

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, wala sitaki kusubiri ipoe, kwa sababu ikipoa nitaanza kumtafutia muuzaji yule udhuru asioustahili. Nina kafe ndogo ya intaneti Manzese. Kompyuta zangu ni kuukuu, za Core 2 Duo, nyingi zina memori ya gigabaiti 2, na zinatosha kabisa kwa kuchapa barua, kujaza fomu za maombi, na kwa Counter-Strike 1.6, mchezo wa mwaka 2003 ambao vijana wa mtaani kwangu hawajaukinai hadi leo. Waliniomba niwaandalie mashindano ya Jumamosi na Jumapili, timu za watano kwa watano, nami nikakubali. Nilihitaji kompyuta kumi za wachezaji na moja ya kuendeshea seva, na kwa kuwa meza zilipaswa kupangwa upya ili timu mbili zisichunguliane vioo, nilipanda mwendokasi hadi Gerezani nikaingia Kariakoo kununua swichi ya megabiti 100 ya kuziunganishia kompyuta pamoja na nyaya ndefu zilizokwisha kubanwa plagi kiwandani au popote zilikobanwa.

Kompyuta zenyewe zilikuwa zimekwisha kunitoa jasho kabla ya nyaya kufika. Moja ilikuwa ikianza mchezo vizuri, kisha baada ya dakika chache picha zinakuwa nzito na risasi zinachelewa. Nilipoifungua nikakuta vumbi limeziba mapezi ya kipoza joto na pesti iliyo juu ya prosesa imekauka ikawa unga. Niliifuta kwa spiriti, nikaweka pesti mpya ya ukubwa wa punje ya mchele, nikapuliza vumbi, na uzito ule ukaisha. Lakini ili kusafisha ilibidi nizichomoe zote kwenye umeme, na huko kuchomoa kukaibua la pili: mbili zilipowashwa zilionyesha kioo cha bluu chenye namba 0x0000007B na kukataa kabisa kuingia Windows. Fundi mwenye haraka angepiga Windows upya na kulipisha. Sababu yake ilikuwa betri ya CR2032 iliyo kwenye bodi, ambayo ikiwa mpya hutoa volti 3 na ikiisha huiacha BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta, isahau mipangilio yake mara umeme unapokatika. BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, namna ya kuisoma diski inabadilika kutoka IDE kwenda AHCI, na Windows iliyowekwa kwa namna ya kwanza haiioni tena diski yake. Nilibadilisha betri, nikairudisha IDE, zikawaka zikiwa na kila kitu chake.

Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba nilipofika kwenye nyaya sikuwa mtu wa kubahatisha.

Usiku wa kuamkia Ijumaa tulifunga kila kitu, seva ikawashwa, vijana wachache wakakaa kujaribu. Waliokaa karibu na swichi, kwenye nyaya fupi za mita mbili au tatu, walicheza bila tabu. Waliokaa ukuta wa mbali, kwenye nyaya za mita kumi na tano, walianza kulalamika kwamba wanaruka kutoka mlango mmoja kwenda mwingine bila kutembea. Niliwaambia wafungue konsoli waandike `net_graph 3`, amri inayoonyesha chini ya kioo hali ya mawasiliano na seva. Hapo kuna namba mbili za kutazama. Choke ikipanda, tatizo huwa kwenye mipangilio ya kasi, kwamba data inayosubiri kutumwa ni nyingi kuliko ile `rate` inayoruhusiwa. Loss ikipanda, vifurushi vya data vimetumwa lakini vimepotea njiani. Kwetu choke ilikuwa 0 muda wote, na loss ilikuwa inaruka hadi zaidi ya 20 kila mapambano yalipokolea. Kwenye mtandao wa ndani ya chumba kimoja, loss inapaswa kukaa 0.

Ping ya kawaida haikuonyesha lolote, kwa sababu hutuma baiti 32 tu kwa kila mara, na kidogo kama hicho hupita hata kwenye njia mbovu. Kwa hiyo nilinakili faili kubwa kutoka kwenye seva ili waya uwe na kazi, na wakati huohuo nikatuma vifurushi vikubwa:

```
ping -n 200 -l 1400 192.168.1.10
netstat -e
```

Majibu yakaanza kukosekana, na katika `netstat -e` safu ya Errors ikawa inapanda kila nilipoirudia, maana yake kadi ya mtandao ilikuwa ikipokea vifurushi vilivyoharibika na kuvitupa. Kisha nilifanya jaribio linalomaliza ubishi: nilihamishia kompyuta nzima ya karibu na swichi kwenye waya wa mbali, na ile iliyokuwa ikisumbua nikaileta karibu. Tatizo lilibaki kwenye waya. Kompyuta zangu kuukuu hazikuwa na hatia.

Asubuhi nilizikunja zile ndefu nikarudi nazo dukani. Yule kijana aliyeniamkia "Shikamoo mama" kwa adabu zote siku ya kuuza, safari hii hata kiti hakunionyesha. Alichukua testa, akachomeka waya ncha zote mbili, taa zikawaka kuanzia ya kwanza hadi ya nane kwa mpangilio, akaniinulia usoni kama ushahidi wa mahakamani.

"Mama, taa zote nane hizo. Waya ni mzima. Hizo kompyuta zako za zamani ndizo zinazokusumbua, waambie wanao wakununulie mpya."

Nilimwomba atazame rangi ndani ya plagi. Hakutazama. Alisema, mbele ya wateja wengine waliokuwa wakicheka, "Mama, haya mambo ya mtandao yana wenyewe," kisha akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, *Bidhaa ikishauzwa hairudishwi*. Mimi ninaendesha mtandao huu tangu yeye hajui kuwasha kompyuta, na nilichokuwa nikimwomba ni kuinamisha kichwa tu atazame.

Angetazama angeona nilichokiona mimi usiku ule kwa tochi ya simu, kwa kuwa plagi hizo ni za plastiki angavu. Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili kwa rangi: chungwa na mwenzake mweupe-chungwa, kijani na mweupe-kijani, bluu na mweupe-bluu, kahawia na mweupe-kahawia. Mpangilio sahihi ninaoutumia unakwenda hivi: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Unaona kwamba kijani ametenganishwa na mweupe wake, mmoja akakaa nafasi ya 3 na mwingine ya 6. Si mapambo. Kwa kasi ya megabiti 100 kompyuta hutuma kwa nafasi ya 1 na ya 2, na hupokea kwa nafasi ya 3 na ya 6, hivyo nafasi hizo mbili za mbali lazima zishikwe na nyuzi zilizosokotwa pamoja. Msokoto ndio unaofuta kelele, kwa sababu kelele ikiingia huingia karibu sawa kwa nyuzi zote mbili, na kadi husoma tofauti iliyopo kati yao tu.

Aliyebana nyaya zile alipanga rangi kwa uzuri wa macho, kila rangi na mwenzake, chungwa, kijani, bluu, kahawia. Nafasi ya 3 ikapata mweupe-kijani, na ya 6 ikapata bluu, nyuzi mbili zisizosokotana kabisa. Kwa kuwa amekosea vilevile ncha zote mbili, uzi wa kwanza unafika wa kwanza na wa nane unafika wa nane, na testa ile ya taa, ambayo hupitisha umeme uzi mmoja baada ya mwingine kuona kama unafika, itawasha taa zote nane milele. Haipimi usokotaji. Kwenye mita mbili kasoro haina nafasi ya kuonekana. Kwenye mita kumi na tano, data ikienda na kurudi kwa wingi, nyuzi za kutuma zinapiga kelele ndani ya zile za kupokea na vifurushi vinaharibika.

Nilinunua plagi mpya kwa mama mmoja mwenye kibanda jirani, nikarudi Manzese. Plagi ikishabanwa haifunguliwi, hukatwa ikatupwa, na ilibidi kukata ncha zote mbili za kila waya. Nilizipanga upya nikihakikisha msokoto haufunguliwi zaidi ya milimita 13 kutoka kwenye plagi, nikabana kwa koleo. Kila waya uliotoka mikononi ulipimwa kwa ile ping kubwa huku faili likinakiliwa, na majibu yote yalirudi.

Plagi ziliniishia nyaya mbili hazijaguswa, na maduka yalikuwa yamefungwa. Kwa kompyuta hizo mbili niliingia kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, sehemu ya Speed & Duplex, nikachagua 10 Mbps Half Duplex, yaani megabiti 10, kutuma na kupokea kwa zamu, kwa kuwa ishara ya kasi ndogo huvumilia kelele zaidi. Asichague mtu Full Duplex hapo, yaani kutuma na kupokea kwa pamoja: swichi ya kawaida isiyopangwa, ikikosa kujadiliana na kadi, hujiweka yenyewe kwenye half, na pande mbili zikitofautiana vifurushi hupotea tena. Mchezo wenyewe, hata kwa `rate 25000`, hauhitaji zaidi ya megabiti 0.2 kwa sekunde, kwa hiyo 10 ni tele. Jumapili fainali ilichezwa, loss ikiwa 0 kwa wachezaji wote kumi, na walioshindwa hawakusingizia mashine.

Nilikaa kuandika nikiwa nimekusudia kusema msikanyage duka lile. Haki inanilazimisha kusema kwamba waya wenyewe si mbaya: nyuzi zake zimesokotwa vizuri, na baada ya kubanwa upya unafanya kazi bila kasoro kwa urefu wake wote. Swichi nayo ilishinda imewashwa siku mbili bila kusumbua. Mtu mwenye koleo na plagi zake anaweza kununua waya pale, na nilikuwa karibu kutoa nyota tatu.

Lakini nikifikiria nyaya ngapi za namna ile zimekwenda kwenye ofisi za watu wasio na `net_graph`, ambao kila siku wanalaumu kompyuta zao na pengine wamekwisha kuziuza kwa hasara, na nikifikiria kwamba niliposimama pale na kuonyesha kosa lilipo nilijibiwa kwa kuchekwa, hizo tatu zinanishinda kuziandika. Alikuwa na fungu zima la nyaya hizohizo zikining'inia nyuma yake, na hakuutoa hata mmoja. Fedha yangu sijarudishiwa, plagi nimejinunulia mwenyewe. Nyota moja, nayo ni ya swichi.