Chery Tiggo 4 Pro: Usiangalie skrini, uliza bei ya taa ya mbele

Karibuni tena wadau. Hii iliyo nyuma yangu ni Chery Tiggo 4 Pro. Skrini kubwa ipo, kamera ya nyuma ipo, viti vimetulia. Hayo utayaona mwenyewe ukiikalia dakika kumi, sina haja ya kuwapotezea bando. Mnachoniuliza kila siku ni kingine: ikiumia nitapata wapi spea, na nikichoka nayo nitamuuzia nani?

Tuchukue taa ya mbele peke yake. Bodaboda kakuchapa pale Ubungo, taa imepasuka. Ukiwa na X-Trail au Harrier unashuka Kariakoo, Gerezani. Utakuta mpya ya kampuni, utakuta ya kopi, utakuta na ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililochinjwa Japani. Mnapatana, jioni fundi anafunga. Hiyo ya mtumba ndiyo inayoshusha bei ya zile nyingine zote, maana muuzaji wa mpya anajua una pa kwenda.

Sasa Chery. Japani hakuna Chery za kuchinja. Mtu atakwambia, si gari la Kichina, agiza China! Subiri kwanza. China wanaendesha upande wa kulia, usukani uko kushoto. Taa iliyotengenezwa kwa barabara zao inatupa mwanga upande wao, kwa hiyo ukiifunga hapa Dar unampiga anayekuja machoni. Dashibodi na mtambo wa usukani navyo haviingiliani. Pedi za breki, filta na plagi hazina shida hiyo, ilimradi namba ya kifaa ilingane. Kwa hiyo wanaosema "spea za Chery zipo" hawadanganyi, ila mara nyingi wanazungumzia spea za sevisi. Za ajali ni hadithi nyingine. Nafuu yake ni Afrika Kusini: wanaendesha kushoto kama sisi, na Tiggo hizi zinauzwa kule tangu 2021.

Ndiyo maana nikienda kwa wakala sianzii kwa muuza magari. Naenda dirisha la spea. Nawapa namba ya chesisi, naomba bei ya vitu vitatu: taa ya mbele, rejeta na mkono wa chini wa tairi la mbele. Naomba wanioneshe kwenye kompyuta kama kipo stoo hapa Dar au kinaagizwa, na kikiagizwa kinakuja kwa meli au kwa ndege. Wakiniandikia bei na tarehe, hapo tunaongea. Nikiambiwa "usijali bosi, kila kitu kinapatikana", najua hakuna kitu. Na kumbuka, hata ukiwa na bima kubwa, bima inalipa taa, haiiharakishi meli. Muulize wakala wako wa bima nani analipia usafiri wako gari likikaa gereji mwezi mzima.

Swali la pili kwenye dirisha hilo hilo la spea: mashine ya kusoma kompyuta ya gari ni ya kiwandani, au ni ile ya kila gereji? Vifaa vingine, ukivifunga bila kuvitambulisha kwenye mfumo, taa ya onyo haizimiki.

Kwenye kuuza, angalia waranti. Afrika Kusini Chery wanatangaza waranti ya injini ya miaka 10 au kilomita milioni moja. Inapendeza, lakini ni ya mmiliki wa kwanza tu. Ukiuza, haiendi na gari. Na ukijiagizia mwenyewe nje ya wakala, usitegemee wakala wa hapa akutambue. Pia hii si mara yao ya kwanza kule: waliingia 2008 na vigari kama QQ, wakapotea sokoni, ndipo wakarudi 2021. Walionunua mwanzo walibaki na magari ambayo chapa yake haikuwa tena sokoni.

Halafu kuna hatari ambayo watu hawaioni, nayo ni bei ya gari jipya kushuka. Thailand, 2024, kampuni nyingine ya China, BYD, ilipunguza bei ya Atto 3 kwa hadi baht 340,000, mpaka serikali ikaingia kuchunguza malalamiko ya wateja. Tufanye umenunua gari milioni 70. Mwakani jipya linauzwa milioni 58. Lako la mtumba dalali ataanzia milioni 45 akishuka, hata kama halina mkwaruzo.

Uamuzi wangu? Kama unabadilisha gari kila baada ya miaka miwili mitatu, chukua Toyota ya mtumba, hilo utaliuza hata kwa simu. Kama unakaa na gari mpaka lichoke, uko Dar, na dirisha la spea limekupa bei na tarehe kwa maandishi, Tiggo inanunulika. Uko Songea au Bukoba? Mimi nisingeichukua kwa sasa.